Kifurushi cha Kahawa cha Kila Mwezi: Bei Yake Halisi na Njia ya Kukisitisha

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia kuhusu ununuzi wa mtandaoni, yako yanayofanana mno hata tumeona yafaa kuyaandikia sura yake. Mnunuzi aliona tangazo la kahawa, au la njugu na vitafunio vingine, likiahidi kumletea kifurushi nyumbani kila mwezi kwa bei nafuu. Akajaza jina, namba ya simu na namba ya kadi, akapokea kifurushi cha kwanza na kukifurahia. Miezi michache baadaye anatuandikia kwamba anakatwa fedha asizozitarajia kwa bidhaa asiyoimaliza, na kwamba kila anapojaribu kujitoa huambiwa amechelewa.

Mara nyingi muuzaji hakuvunja sheria yoyote. Masharti yote yalikuwa yameandikwa, na mnunuzi aliyakubali. Hasara ilitokana na mambo matatu ambayo tangazo halikuyaweka pamoja, nayo ni bei ya kifurushi baada ya mwezi wa kwanza, kiasi ambacho nyumba hutumia kwa kweli, na tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa ya kusitisha. Anayeyapima matatu haya kabla ya kujiandikisha huweza kujua, kwa hesabu ya dakika kumi, kama kifurushi kinamfaa. Tutafanya hesabu hiyo hapa kwa mfano mmoja wa kahawa. Bei tulizozitumia ni za mfano tu, lakini muundo wake ni ule tunaouona kila mara katika mikataba inayoletwa kwetu.

Bei ya tangazo na bei ya mkataba

Tumchukue mnunuzi anayeishi Nakuru. Tangazo linasema: kahawa ya daraja la AA, iliyokaangwa wiki hiyo hiyo, pakiti 2 za gramu 250 kila mwezi, kwa shilingi 750 tu. Katika duka kubwa la mjini kwake, pakiti moja ya kahawa ya namna hiyo huuzwa shilingi 800. Pakiti mbili kwa 750 ni chini ya nusu ya bei. Haishangazi kwamba anajiandikisha usiku huo huo, tarehe 20 Machi.

Masharti, ambayo aliyapitisha kwa kubonyeza alama ya kukubali, yanasema mengine zaidi. Bei ya 750 ni ya kifurushi cha kwanza, na kuanzia cha pili bei ni 1,500. Bei ya kwanza hupewa wale tu wanaojifunga kwa muda wa miezi 6. Kufikisha mzigo ni bure ndani ya Nairobi, lakini nje ya Nairobi mnunuzi hulipa shilingi 350 kwa kila kifurushi. Muda wa miezi 6 ukiisha, mkataba hujirudia wenyewe kwa miezi mingine 6, isipokuwa mnunuzi atoe taarifa.

Sasa tujumlishe. Kifurushi cha kwanza ni 750 na 350 ya usafirishaji, yaani 1,100. Kila kimoja kati ya vifurushi vitano vinavyofuata ni 1,500 na 350, yaani 1,850, na vitano hivyo hufika 9,250. Jumla ya miezi 6 ni shilingi 10,350 kwa pakiti 12. Tukigawa, kila pakiti imemgharimu shilingi 862 na senti 50. Pakiti hizo hizo 12 dukani zingekuwa 9,600. Ametoa shilingi 750 zaidi, kiasi kile kile cha punguzo alilopewa kwenye kifurushi cha kwanza. Na mkataba ukijirudia, katika miezi 6 ya pili hakuna tena punguzo la mwanzo, kwa hiyo kila pakiti inasimama kwenye shilingi 925.

Hatusemi kwamba biashara ya namna hii ni ulaghai. Kahawa iliyokaangwa wiki hii na kuletwa mlangoni ina thamani yake, na wako wanaoridhia kuilipia zaidi ya kahawa iliyokaa rafuni. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kutazama 862 au 925, si 750. Njia ya kuipata bei hiyo ni moja tu: jumlisha malipo yote ya muda wote unaojifunga, pamoja na usafirishaji, kisha ugawe kwa idadi ya pakiti au kwa gramu. Muuzaji asiyetaja gharama ya usafirishaji hadi ukurasa wa mwisho wa malipo amekunyima takwimu moja muhimu, na inafaa urudi nyuma uanze hesabu upya.

Uzito nao uutazame. Kinachohesabiwa ni uzito halisi wa kahawa au wa vitafunio, si wa kifurushi kizima. Katika vifurushi vya vitafunio, ambavyo huja na pakiti ndogo ndogo nyingi, idadi ya aina huonekana kubwa ilhali jumla ya gramu ni ndogo. Tangazo linalosema "aina 12 za vitafunio" halijakuambia bado unanunua kiasi gani.

Kiasi unachokunywa

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, na ajabu ni kwamba wanaotulalamikia huitaja mara chache. Wao hulalamikia makato. Lakini ukiwauliza kabati lao la jikoni lina nini, hukuta pakiti nne au tano ambazo hazijafunguliwa.

Kikombe kimoja cha kahawa ya kuchujwa, cha mililita 250, hutumia takriban gramu 15 za kahawa. Pakiti ya gramu 250 basi hutoa vikombe kama 16. Mnunuzi wetu wa Nakuru hunywa kikombe kimoja asubuhi kabla ya kwenda kazini, siku za kazi tu, kwa kuwa mwisho wa wiki nyumba nzima hunywa chai. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi anatumia gramu 330. Kifurushi kinamletea 500. Kila mwezi gramu 170 zinabaki, na baada ya miezi mitatu masalio yamefika gramu 510, yaani zaidi ya kifurushi kizima.

Katika miezi 6 analetewa gramu 3,000 na kutumia 1,980. Zile 1,020 zilizobaki amezilipia, hata kama ni za ndugu na majirani. Tukizigawa shilingi zake 10,350 kwa kahawa aliyoinywa kweli, kila gramu 250 zimemgharimu takriban shilingi 1,307. Angenunua dukani kwa kadiri ya haja yake, pakiti 8 zingemtosha kwa miezi hiyo yote, kwa shilingi 6,400. Tofauti ni shilingi 3,950, na sehemu yake kubwa haikutokana na bei, bali na mwendo wa kifurushi usiolingana na mwendo wa jikoni.

Kahawa haihifadhiki kama mchele. Ikishakaangwa huanza kutoa gesi na kupoteza harufu yake kidogo kidogo, na ndiyo maana pakiti nzuri huwa na tundu dogo lenye kizibo linaloruhusu gesi kutoka bila kuingiza hewa. Punje nzima ndani ya pakiti iliyofungwa hudumu na ladha yake kwa wiki kadhaa. Kahawa iliyosagwa huichuja haraka zaidi, hasa pakiti ikishafunguliwa. Kuiweka kwenye friji hakusaidii, kwa sababu hunyonya unyevu na harufu za vyakula vingine. Hivyo yule aliyelipia zaidi ili apate kahawa mpya, kisha akaiacha ikae miezi miwili kabatini, anakunywa kahawa ya zamani kuliko ile ya dukani. Ndiyo maana tunashauri kila anayepokea kahawa atazame kwenye pakiti tarehe ya kukaangwa, si ile ya mwisho wa matumizi peke yake. Muuzaji anayetangaza kwamba hukaanga kila wiki lakini hapigi chapa tarehe ya kukaanga amekuomba umwamini tu.

Dawa ya mrundikano ni kubadilisha mwendo kabla ya kufikiria kujitoa. Wauzaji wengi huruhusu kifurushi kije kila baada ya wiki 4, 6 au 8, au huruhusu mwezi mmoja urukwe. Kwa mnunuzi wetu, kifurushi cha kila wiki 6 kingelingana vizuri. Siku za kazi 30 kwa gramu 15 ni gramu 450, na gramu 50 zinabaki kwa ajili ya mgeni. Kabla ya kujiandikisha, nunua pakiti moja ya kawaida, andika juu yake tarehe uliyoifungua, na uone imekwisha lini. Kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko makisio yoyote, kwa maana watu wengi, sisi wenyewe tukiwamo, hudhani wanakunywa zaidi ya wanavyokunywa.

Tarehe tatu, na ile inayosahauliwa

Turudi kwa mnunuzi wetu. Mwanzoni mwa Juni anafungua kabati, anahesabu pakiti, na anaamua kusitisha. Amekwisha kukatwa mara tatu, yaani tarehe 20 za Machi, Aprili na Mei.

Mkataba wa aina hii huwa na tarehe tatu kila mwezi. Kuna siku ya makato, ambayo kwake ni tarehe 20. Kuna siku ya kuwasili kwa mzigo, ambayo huwa kama wiki moja baadaye. Na kuna siku ya mwisho ya kutoa taarifa, ambayo katika mkataba huu ni siku 7 kabla ya makato, yaani tarehe 13. Mbili za kwanza hujitangaza zenyewe, kwa kuwa siku ya makato benki hutuma ujumbe, na siku ya mzigo mwenye pikipiki hupiga simu. Hiyo ya tatu hupita kimya. Watu wengi hukumbuka kusitisha pale wanapoona ujumbe wa benki, na kwa wakati huo wamechelewa wiki nzima. Muuzaji atawajibu kwa adabu kwamba taarifa imepokelewa na itaanza kutumika baada ya kifurushi kijacho.

Mara tu unapojiandikisha, basi, tafuta sharti la taarifa, hesabu tarehe yake, uiandike kwenye kalenda ya simu ili ikukumbushe siku mbili kabla. Andika pia siku ambayo mkataba wote utajirudia. Kwa mnunuzi wetu miezi 6 inakwisha tarehe 19 Septemba, na asipotoa taarifa hadi tarehe 13 Septemba atakuwa amejifunga tena kwa vifurushi sita vya 1,850, yaani shilingi 11,100.

Lakini yeye hataki kungoja Septemba. Anataka kutoka Juni, naye alijifunga kwa miezi 6. Hapa inambidi asome sharti la kutoka mapema. Katika mkataba wa mfano wetu, anayetoka kabla ya muda hurudisha punguzo la mwezi wa kwanza, shilingi 750, basi. Akibaki atalipa vifurushi vitatu zaidi, jumla shilingi 5,550, kwa kahawa ambayo tayari anayo. Kulipa 750 na kuondoka ndiyo njia rahisi, ingawa wengi huiogopa kwa sababu inaitwa faini. Iko mikataba mingine inayomtaka anayetoka alipe miezi yote iliyobaki. Sharti kama hilo likikukuta kabla hujajiandikisha, tunakushauri ununue pakiti mojamoja bila kujifunga, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Namna ya kusitisha isiyoacha mwanya

Kusitisha kifurushi ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, nayo ni kuufuta mkataba na kuyafunga malipo. Kuna wanaofanya moja na kudhani wamemaliza.

Kuifuta programu ya muuzaji kwenye simu hakufuti mkataba. Kuizuia kadi benki, au kuacha salio liishe, huzuia fedha zisitoke, lakini mkataba ungali hai, na muuzaji anaweza kukuandikia kwamba unadaiwa. Vivyo hivyo kwa anayelipa kwa agizo la kudumu katika huduma ya M-PESA Ratiba. Agizo hilo umelitoa wewe mwenyewe, waweza kulisimamisha, lakini kulisimamisha hakumpi muuzaji taarifa ya kuufuta mkataba. Kwa upande mwingine, yuko aliyeufuta mkataba na kuliacha agizo la malipo likiendelea, kisha akashangaa kuona fedha zinatoka. Malipo ya Ratiba yana faida moja tunayoipenda. Unapoliweka agizo, unachagua siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Anayejifunga kwa miezi 6 aweke mwisho wa agizo kwenye mwezi wa sita.

Taarifa ya kusitisha itolewe kwa maandishi, kwa barua pepe au kwa ujumbe unaobaki kwenye simu, hata kama umeshaongea na mhudumu. Maneno machache yatosha: jina lako, namba ya usajili, tarehe, na sentensi isemayo kwamba unasitisha usajili na hukubali makato yoyote baada ya siku hiyo. Ikiwa kusitisha hufanywa kwa kubonyeza kitufe kwenye tovuti, endelea hadi uone ukurasa unaothibitisha. Tovuti nyingi hukupitisha kwenye kurasa mbili au tatu za kukubembeleza kwa punguzo kabla ya kufika hapo, na wapo wanaofunga ukurasa wa pili wakidhani wamekwisha. Piga picha ya skrini ya ule wa mwisho, yenye kuonyesha tarehe na saa.

Endapo baada ya yote hayo fedha zinakatwa kwenye kadi, iandikie benki yako kupinga makato hayo, ukiambatisha picha hiyo na nakala ya taarifa. Fanya hivyo mara uonapo makato, kwa kuwa benki huwa na muda maalumu wa kupokea pingamizi.

Sheria inakupa nini, na haikupi nini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina masharti juu ya mikataba inayofungwa mtandaoni. Muuzaji anatakiwa akueleze mambo ya msingi kabla hujakubali, akupe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, kisha akupe nakala ya mkataba kwa maandishi.

Kutokana na sheria hiyo ya mwisho, muuzaji asiyekueleza mambo hayo amekufungulia mlango wa kuuvunja mkataba hadi siku 7 baada ya kupokea nakala yake. Asipokupa nakala ipasavyo, mlango huo hubaki wazi kwa siku 30 tangu mkataba ufungwe. Maneno ya mkataba yenye maana mbili husomwa kwa faida ya mtumiaji. Hivyo sharti lisemalo "taarifa ya wiki moja" bila kusema ni wiki moja kabla ya makato au kabla ya mzigo kusafirishwa, lisomwe kwa namna inayokupa nafasi zaidi.

Yafaa, hata hivyo, tuondoe dhana moja. Siku hizo 7 si muda wa kubadilisha nia. Kama muuzaji alikueleza kila kitu, ukakubali na ukapewa nakala, sheria haikupi ruhusa ya kuuvunja mkataba kwa sababu tu umeona kahawa ni nyingi. Hapo unategemea masharti ya mkataba wenyewe. Watu kadhaa wametuletea madai wakiamini kinyume chake, na hatukuwa na la kuwasaidia.

Kifurushi kinachokuja baada ya usajili kufutwa kihalali ni bidhaa isiyoombwa, na mtu halazimiki kulipia kitu asichokiomba. Kimya chake hakihesabiwi kuwa ombi. Hata hivyo tunashauri usikifungue. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo kwamba kimefika, na kwamba aweza kuja kukichukua.

Mzigo njiani

Muuzaji wa Nairobi anaposema "tunafikisha kote nchini", uliza anafikisha hadi wapi. Kwa miji mingi maana yake ni kwamba kifurushi kitapakiwa kwenye basi au matatu na kuachwa katika ofisi ya mizigo ya kampuni hiyo mjini. Kutoka hapo hadi nyumbani ni pikipiki yako na nauli yako. Shilingi 150 za pikipiki kila mwezi, zikijumlishwa kwenye mfano wetu, ni 900 kwa miezi 6, nazo hazimo kwenye hesabu tuliyoifanya. Baadhi ya ofisi hizo hutoza ada ya kuhifadhi mzigo uliokawia kuchukuliwa, na joto la ghala lenye paa la mabati haliifai kahawa wala chokoleti.

Kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina namba wala jina la mtaa, mpe muuzaji alama isiyohama, kwa mfano shule au kituo cha afya, pamoja na namba mbili za simu. Siku ya kupokea, tazama kabla ya kutia sahihi kama kifurushi kimelowa, kimefunguliwa au kimepasuka, na kipige picha kikiwa bado mikononi mwa aliyekileta. Dai la pakiti iliyopungua likitolewa siku tatu baadaye bila picha, muuzaji hupata nafasi ya kusema pakiti ilikuwamo.

Mzigo ukichelewa, anza kuhesabu kutoka tarehe ya kufikisha iliyoandikwa katika mkataba. Zikipita siku 30 na hujauletewa, Sheria ya mwaka 2012 inakuruhusu kuuvunja mkataba huo kabla ya kupokea. Ukikubali kuupokea baada ya muda huo kupita, haki hiyo huondoka, kwa hiyo amua kwanza unataka fedha au unataka kahawa.

Vifurushi vya vitafunio kutoka nje ya nchi vina hesabu yake. Bei huwa kwa dola, na benki hubadilisha kwa kiwango chake na aghlabu huongeza ada. Kifurushi kikifika, bidhaa zinazotozwa huongezewa ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo nyingine za uingizaji, na kampuni ya usafirishaji huongeza malipo ya kushughulikia mzigo. Muuliza muuzaji kwa maandishi kama bei yake inajumuisha gharama hizo. Jibu likiwa hapana, kifurushi cha kwanza kilichotangazwa kuwa bure kinaweza kukudai fedha kabla hujakiona. Bidhaa zenye nyama au maziwa zinaweza kuzuiliwa mpakani kabisa, na mkataba nao useme ni nani anayebeba hasara hiyo.

Unapoleta malalamiko

Tunaanza kwa kumwandikia muuzaji, na barua yetu huwa na nguvu ya kadiri ya karatasi ulizotuletea. Tuletee picha ya tangazo lililokuvutia, nakala ya mkataba au ya ukurasa wa masharti, orodha ya makato kutoka benki au kwenye simu, na taarifa ya kusitisha yenye tarehe. Tangazo ndilo linalokosekana mara nyingi, kwa kuwa likishaondolewa mtandaoni halionekani tena. Lipige picha siku unayojiandikisha.

Muuzaji asiporidhia, na kama unadai kisichozidi shilingi milioni 1, unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako mdai anaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Kwa shilingi 1,850 wengi hawaendi. Lakini makato ya miezi minane yaliyoendelea baada ya taarifa ni shilingi 14,800, na karatasi zinazohitajika huko ni zile zile ulizotuletea sisi.